Barua ya kazi ya mhamasishaji wa afya: hesabu ipi iandikwe, ipi iachwe

"Assalamu alaikum. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii Mtopanga, Kisauni, tangu 2018. Nina kaya 104. Shirika moja la afya linatafuta msimamizi wa wahamasishaji, na tangazo lataka barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kazi ya nyanjani, utunzaji wa kumbukumbu na lugha ninazozungumza. Nimeandika kwamba nahamasisha jamii kuhusu afya, kwamba nimefikia watu karibu 8,000, kwamba najua Kiswahili, Kiingereza, Kigiriama, Kidigo na Kiduruma, na nimepiga picha kurasa nne za daftari langu niziambatanishe ziwe ushahidi. Nina D+ ya kidato cha nne na sijawahi kuajiriwa, napata posho tu. Mwenzangu ameniambia barua hiyo haitafika mbali. Ina kasoro gani?"

Wa alaikum salaam, dada. Naanza na zile picha kwa sababu hazifai kungoja. Zitoe kwenye maombi, kisha uzifute kwenye simu. Kama umeshamtumia mtu yeyote, mwambie naye azifute, na umjulishe msimamizi wa kitengo chenu. Daftari la kaya, MOH 513, lina majina, umri, nani ana mimba, nani ana maradhi ya kudumu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na wale waliokufungulia milango walikupa habari zao ili wapate huduma, hawakukupa upate nazo kazi. Kuziba majina kwa wino hakutoshi. Mtopanga pote, ukisema mjane mwenye watoto sita anayemeza dawa za kifua kikuu, ni nani asiyejua unamzungumzia nani?

Tena fikiria aliye upande wa pili wa meza. Nimeketi kwenye usaili wa nafasi kama hii hapa Pwani. Nafasi yenyewe ni ya kuwasimamia wahamasishaji wengine, yaani mtu anatafutwa wa kuhakikisha madaftari ya watu ishirini hayasambai. Ombi likifunguliwa na kurasa nne za majina ya wagonjwa zikatoka, hakuna haja ya kusoma barua. Ulidhani umeleta ushahidi wa uangalifu, kumbe umeleta kinyume chake.

Ushahidi unaokubalika upo, nao ni mwepesi kuupata. Ni barua fupi ya msaidizi wa afya ya jamii anayekusimamia (huyo mnayemwita CHA), yenye muhuri wa kituo cha afya mnachohusiana nacho, inayosema unahudumia kaya ngapi, tangu lini, na ripoti zako huletwa kwa wakati au la. Na kwenye barua yako unaweza kuongeza sentensi moja kwamba uko tayari kujaza fomu ya mfano siku ya usaili. Hilo lina uzito kuliko picha kumi.

Sasa ile 8,000. Nadhani najua ilikotoka. Ukitembelea kaya 95 kwa mwezi, kwa miezi 12, kwa miaka 7, unapata 7,980. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni hesabu ya ziara. Kaya 104 zikiwa na watu wanne wanne ni watu 416. Ni wale wale 416, mlango ule ule, mwaka baada ya mwaka. Msomaji wako anajua kwamba mhamasishaji mmoja hupewa kaya mia hivi, na kwamba kitengo kizima cha afya ya jamii hukadiriwa kuwa na watu 5,000. Umemwambia umefikia watu wengi kuliko waliomo katika kitengo chako chote. Hatakuita mwongo, atasema tu kwamba mwombaji huyu hatofautishi ziara na mtu, na kwa msimamizi wa kumbukumbu hilo ni kosa kubwa kuliko D+.

Inafaa uelewe kwa nini wanalishikilia jambo hili. Kila mwezi hesabu zako hutoka kwenye MOH 514, hujumlishwa na za wenzako kwenye MOH 515, kisha huingizwa katika mfumo wa taifa. Tangu 2023 nyingi hupitia simu, kwenye eCHIS, lakini safari ni ile ile. Shirika nalo huchukua hesabu hizo na kuzipeleka kwa mfadhili. Halafu siku moja mkaguzi hufika na ripoti mkononi, anachagua kitu kimoja, tuseme rufaa, na kuanza kuhesabu upya kwenye daftari, mstari kwa mstari. Ripoti inasema 9, yeye anaona 7. Saba kwa tisa ni asilimia 78. Wengi huanza kuuliza maswali pale tofauti inapopita asilimia 10. Aliyeripoti 9 huenda hakudanganya hata kidogo, pengine alitoa rufaa mbili kwa mdomo akasahau kuziandika, lakini mradi umeshatiwa doa na wa kwanza kuulizwa ni msimamizi, yaani kiti unachokiomba.

Kwa hiyo anayesoma barua yako anatafuta kitu kimoja: huyu anajua namba yake imetoka wapi, na imetolewa katika ngapi? Ukisema umewapeleka watoto 9 kliniki, atataka kujua walikuwa wangapi waliohitaji kwenda, na kati ya hao 9 ni wangapi waliofika. Namba ndogo iliyokamilika hivyo inaipita 8,000 kwa mbali.

Nikuonyeshe kwa mfano, na hesabu hizi ni zangu za kubuni ili ufuate njia, wewe utaweka zako. Chukua miezi mitatu tu, Aprili hadi Juni, na jambo moja tu, dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Nimeichagua hii kwa makusudi. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na mama wengi huondoka siku ile wakijua kliniki imekwisha. Ya pili ni miezi 18, wakati mtoto anakimbia uani, mama amerudi kazini, kile kijitabu kimefungiwa sandukuni. Hapo ndipo mhamasishaji anapoonekana kazi yake, kwa sababu kituo cha afya hakiwezi kumjua mtoto asiyefika.

Una watoto 61 walio chini ya miaka mitano katika kaya 104. Aprili unapita na kuomba kuona kijitabu cha mama na mtoto, si kuuliza tu. Ukiuliza utajibiwa "amemaliza zote". Ukitazama ukurasa wa chanjo utaona nafasi ya miezi 18 iko wazi. Kwa njia hiyo unapata watoto 9 waliopitisha miezi 18 bila dozi ya pili. Unajaza fomu ya rufaa, MOH 100, kwa kila mmoja. Fomu ile, kama ujuavyo, ina sehemu yako na sehemu ya mhudumu wa kituo ya kukurudishia majibu, na sehemu ya pili mara nyingi hairudi. Kwa hiyo usiitegemee peke yake. Mwezi Mei unarudi kwa hao 9 na kutazama kijitabu tena. Ukiona tarehe na sahihi ya kliniki, umefunga rufaa hiyo. Mwisho wa Juni 6 wamechanjwa, 1 amehamishiwa kwa nyanya yake Kaloleni, na 2 bado: mmoja mama yake anafanya kazi hotelini Bamburi na hurudi kliniki ishafungwa, mwingine baba yake hajakubali.

Wengi wangeandika 6 na kuwaficha hao 3. Wewe waandike wote 9. Sita na mmoja na wawili ni tisa, hakuna mtoto aliyepotea katika maelezo yako, na hivyo ndivyo msomaji anavyojua kwamba umewafuata. Kwenye barua aya hiyo ingekuwa hivi:

"Nahudumia kaya 104 za Mtopanga, zenye watoto 61 walio chini ya miaka mitano. Kati ya Aprili na Juni nilitembelea kaya 97 angalau mara moja. Nilipokagua vijitabu vya kliniki niliwapata watoto 9 waliopitisha miezi 18 bila dozi ya pili ya surua na rubela, nikawapa wote rufaa. Kufikia mwisho wa Juni 6 walikuwa wamechanjwa, na nimeona tarehe kwenye vijitabu vyao. Mmoja alihamia kaunti ya Kilifi, na wawili niliendelea kuwafuatilia pamoja na muuguzi wa kituo."

Angalia pia kilichoachwa. Hakuna jina, hakuna mtaa mdogo, na sababu za wale wawili hazimo. Baba aliyekataa, katika kaya mia moja, atajulikana. Sababu hizo zisubiri usaili, na hata huko uzitaje kwa jumla.

Ukitaka hesabu zako halisi usizikisie kwa kumbukumbu ya kichwa. Nakala za zamani za MOH 514 uliziwasilisha, kwa hiyo mwombe msaidizi wa afya ya jamii jumla zako za robo mwaka moja, na uzilinganishe na ulichonacho kwenye simu. Usishangae zikitofautiana. Tuseme daftari linasema watoto 61 na simu inasema 58. Kaa nazo, zipitie kaya moja moja, na mara nyingi utakuta jambo la kawaida: vichanga wawili waliozaliwa baada ya kaya kusajiliwa, na mjukuu mmoja aliyeletwa alelewe. Ukishaipata sababu, una kitu cha kusema kwenye usaili ambacho wengi hawana. Swali la "umewahi kugundua kosa katika ripoti, ukafanya nini" huulizwa karibu kila mara, na anayejibu kwamba ripoti zake hazijawahi kuwa na kosa hupoteza alama pale pale.

Kuhusu kazi ya nyanjani, umeandika "nahamasisha jamii kuhusu afya". Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga Kisauni. Msimamizi anatafutwa ajue kwa nini nyumba haikufunguliwa, ili amsaidie mhamasishaji mpya anayerudi akisema hakuwakuta watu. Wewe unajua. Nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba sita vya kupanga inaweza kuwa na kaya sita, maana kaya ni wale wanaokula chungu kimoja, na wapangaji wawili wakihama mwisho wa mwezi orodha yako imeshabadilika. Mchana unamkuta bibi na watoto, mwenye uamuzi yuko kazini. Mwezi wa Ramadhani ukienda alasiri unamkuta mama yuko jikoni na futari, hakusikilizi, bora asubuhi. Vijana wa kiume hawako nyumbani saa yoyote, hao huonekana maskani, na wazee wengine utawapata mangwe, kabla mnazi haujawapanda. Mwalimu wa madrasa akisema neno moja kuhusu chanjo, kazi ya wiki mbili imerahisika.

Chagua moja kati ya hayo, lile ulilolifanya kweli, ulieleze kwa tatizo lake na ulivyolitatua. Mfano:

"Kaya nyingi za eneo langu ni za wapangaji wanaofanya kazi mchana. Nilipoona nakosa watu wazima katika kaya nyingi, nilihamisha sehemu ya ziara zangu hadi jioni na Jumapili, na nikakubaliana na mzee wa mtaa aniarifu wapangaji wanapoingia au kuhama. Orodha yangu ya kaya huisahihisha kila mwezi, bila kungoja usajili wa kila miezi sita."

Ikiwa hukufanya hivyo, usiandike. Nimeuandika kama mfano wa umbo. Na kama umewahi kumfundisha mhamasishaji mpya kujaza daftari, hata kama ulitembea naye siku chache tu bila mtu kukutuma, hiyo iingie, tena mapema, kwa sababu nafasi ni ya usimamizi na bila hiyo barua inakuonyesha fundi mzuri tu wa kaya zake mwenyewe. Sema ulimfundisha nini hasa. Kutambua kupumua kwa haraka kwa kuhesabu pumzi dakika nzima, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi minne. Au kuvuta mkanda wa kupimia mkono usibane wala usilegee, na kwamba chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto hangoji siku ya kliniki. Nusu sentensi ya aina hii inamwambia msomaji kwamba hukukariri kichwa cha mafunzo tu.

Lugha. Hapa nakuuliza bila kukusudia kukuudhi: Kiduruma unakizungumza, au unakisikia? Lugha za Kimijikenda zinakaribiana mno, na aliyekulia Kisauni akisikia Kigiriama kila siku ataambulia mengi ya Kiduruma na Kidigo. Lakini kuambulia si kuzungumza, na mashirika ya hapa yana wafanyakazi kutoka Kinango, Kaloleni na Matuga. Kwenye usaili mmoja wao atageuza lugha ghafla, akuombe umweleze mama dalili za hatari za ujauzito: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, mtoto kupunguza kucheza. Ukiishia dakika ya kwanza na kurudi Kiswahili, atajiuliza na ile 97 kama ni ya kweli. Shaka ya lugha huambukiza namba.

Njia salama ni kuipanga kila lugha kwa kazi unayoweza kuifanya kwayo. Kuna kusalimia na kufuata mazungumzo. Kuna kuhoji kaya na kuelewa majibu. Kuna kueleza dalili za hatari na kujibu maswali. Kuna kuongoza kikao cha watu thelathini. Na kuna kusoma na kuandika, ambako kwa kazi hii ni Kiingereza zaidi, maana fomu zimechapwa kwa Kiingereza. Unaweza kuandika:

"Naongoza vikao na kueleza rufaa kwa Kiswahili na Kigiriama. Kidigo nakielewa na nahoji kaya kwacho, lakini maelezo ya matibabu huyatoa kwa Kiswahili. Kiduruma nakifuata kwa kusikia tu. Fomu na ripoti nazijaza kwa Kiingereza."

Viwango hivyo nimeviweka mimi, virekebishe viwe vyako. Ukiwa na lugha ya alama ya Kenya hata kidogo, itaje kwa kiwango chake, kwani waijuao ni wachache na viziwi wanakosa huduma kwa sababu hiyo. Kijaluo, Kikamba au Kisomali pia, kama unavyo: Mombasa si ya Wamijikenda na Waswahili peke yao, na kuna sehemu za Changamwe na Mikindani ambako Kikamba kitakufungulia mlango haraka kuliko Kigiriama.

Kuna ustadi mmoja wa lugha ambao wahamasishaji wengi wanao na hawauandiki, nao ni kubadilisha habari ya mdomo iwe rekodi inayoaminika. Bibi hasemi mtoto ana miezi mingapi. Anakwambia alizaliwa siku chache kabla ya Ramadhani mwaka ule. Ramadhani ya 2024 ilianza kabla kidogo ya katikati ya Machi, kwa hiyo mtoto huyo alitimiza miezi 18 mapema Septemba 2025. Ukikumbuka kwamba Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, hutampa mtoto mwezi usio wake. Na hata hivyo unaomba kijitabu au cheti cha kuzaliwa kuthibitisha, ukikosa unaweka alama kwamba umri ni wa makadirio. Umri ukikosewa kwa miezi miwili, mtoto wa miezi 17 anaorodheshwa amekosa chanjo, na mama anasafiri bure. Sentensi moja kuhusu hili, ndani ya aya ya kumbukumbu, inaunganisha lugha yako na daftari lako kwa namna ambayo shahada haifundishi.

Tahadhari moja hapo hapo. Usijisifu kwamba wewe ndiwe mkalimani wa kila jambo katika eneo lako. Mhamasishaji anayeishi mtaa mmoja na mgonjwa hafai kutafsiri majibu ya kipimo cha VVU au habari za mke aliyepigwa, mgonjwa mwenyewe asipotaka. Ukiandika kwamba hali kama hizo huzipeleka kwa mshauri wa kituo, umeonyesha mpaka wako, na wanaoajiri wanaupenda mpaka.

D+ na posho hazinisumbui kama zinavyokusumbua. Iandike D+ mahali pake kwenye wasifu na usiitetee. Kama tangazo linasema C ni lazima, soma kwa makini: "lazima" na "itapendelewa" ni mambo mawili. Ikiwa ni lazima, wapigie simu uulize kama miaka ya kazi huzingatiwa badala yake. Mashirika mengine hukubali, mengine mchujo wa kwanza hukutupa nje kabla barua haijasomwa, na hapo barua nzuri haisaidii kitu.

Posho ieleze kama ilivyo. Usijiite mwajiriwa wa kaunti, maana barua ya uthibitisho itakukanusha. Jiite mhamasishaji wa kujitolea anayelipwa posho. Msomaji wa Kenya anajua mpango uliotangazwa 2023, shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Ila kuna mtego wa majina hapa. Ulipoanza 2018 ulikuwa CHV, mwaka 2023 wote mkawa CHP. Nimeona watu wakiziandika kama kazi mbili tofauti, ya kwanza imeisha, ya pili imeanza, na msomaji asiye wa sekta hii akadhani mtu ameacha kazi. Andika mstari mmoja: mhamasishaji wa afya ya jamii, 2018 hadi sasa, na useme kwamba cheo kilibadilishwa jina 2023. Miaka yako saba ibaki mizima.

Vyeti vya mafunzo usiambatanishe vyote. Viwili au vitatu vinavyohusu kazi hii vyatosha, vile vya semina ya nusu siku viache nyumbani.

Tangazo likiwa kwa Kiingereza, barua iwe kwa Kiingereza. Mimi nimekuandikia mifano kwa Kiswahili ili uone hoja kwanza. Iandike yako kwa Kiswahili, uridhike nayo, ndipo uigeuze kwa sentensi fupi. Usiazime maneno mazito ya mtandaoni ambayo ukiulizwa maana yake utababaika. Sentensi fupi yenye makosa madogo ya sarufi itasamehewa.

Kabla hujaituma, nenda ana kwa ana kwa msaidizi wa afya ya jamii na rasimu mkononi. Si kwa simu, kwa sababu unataka mketi na jumla zako mzihakiki pamoja, na unamwomba awe mdhamini wako. Atakapopigiwa na shirika ataulizwa kaya ngapi, tangu lini, ripoti zinafika au la. Akisema kaya 98 na wewe umeandika 104, mmeharibu wote wawili, kwa hiyo namba hizo zikubaliane leo. Kama uhusiano wenu si mzuri, jambo linalotokea, muone mratibu wa afya ya jamii wa kaunti ndogo ya Kisauni, au muuguzi msimamizi wa kituo chenu, ambaye anaona rufaa zako zikifika. Na kama kuna picha za daftari zilizokwisha kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp, hilo pia ni la kwenda kulieleza uso kwa uso, usilinyamazie ukitumaini halitajulikana.

Shirika likikuomba pesa za "usajili" au za "kuharakisha faili", usitoe hata shilingi. Nenda uulize kwenye ofisi ya kaunti ndogo kama linajulikana, kwa kuwa shirika linalofanya kazi na wahamasishaji haliwezi kuingia mitaani bila idara ya afya ya kaunti kulijua.

Ukiitwa, beba kitambulisho, barua ya uthibitisho, na karatasi moja yenye hesabu zako za robo mwaka ulizozihakiki, bila jina la mtu. Daftari na simu ya kazi viache mahali vinapohifadhiwa. Wakikuuliza lini unaweza kuanza, usijibu "kesho". Una kaya 104, begi la vifaa na simu ya serikali, na vyote vinahitaji kukabidhiwa kwa maandishi, pamoja na orodha ya rufaa ambazo bado hazijafungwa. Omba wiki mbili hadi nne, na uwaambie ni za kufanyia nini.